Jaribio linalouliza "una uhakika gani?" kabla ya jibu: linapima nini hasa?

Wastani unaweza kuficha jambo kubwa. Chukulia mwanafunzi wa fizikia aliyefanya maswali 40, kumi kumi katika mada nne. Kabla ya kujibu kila swali aliandika asilimia ya uhakika wake kwamba atapata. Ukijumlisha yote, uhakika wake ni asilimia 70 kwa wastani, na amepata maswali 27, yaani asilimia 67.5. Mtu anayejijua, utasema.

Sasa gawa kwa mada. Kwenye mwendo alijipa 80 akapata 8 kati ya 10. Kwenye joto alijipa 60 akapata 6. Kwenye mwanga alijipa 55 tu, akapata 8. Kwenye umeme alijipa 85, akapata 5. Hofu ya mwanga na majivuno ya umeme yamefidiana, na jumla ikatoka safi. Usiku wa kuamkia mtihani mwanafunzi huyu atarudia mwanga, ambao anaujua, na umeme atauacha.

Wanaotetea jaribio hili wanasema faida yake ni hapo hapo: linaonyesha mada ambayo mtu ameshaifungia daftari mapema mno. Ukiyatazama yale majibu matano mabaya ya umeme, hoja yao inapata nguvu. Tuseme manne kati yake yanatokana na imani moja, kwamba mkondo wa umeme hupungua unapopita kwenye balbu, kwa hiyo balbu ya kwanza katika mfululizo itawaka zaidi ya ya pili. Ni kosa linalojulikana sana kwa walimu wa fizikia. Mkondo katika mfululizo ni ule ule kila mahali, na balbu mbili zinazofanana huwaka sawa. Mwanafunzi huyu hakubahatisha. Anayo kanuni, inampa jibu haraka kila mara, na ni ya uongo. Alama ya 5 kati ya 10 peke yake haikuambii kama mtu hajui au anajua kinyume, ilhali dawa za hali hizo mbili hazifanani: wa kwanza anahitaji kusoma, wa pili anahitaji kuwekewa ameta ya kupimia mkondo kabla na baada ya balbu aone mwenyewe kwamba namba haibadiliki.

Kuna jambo jingine upande wao. Mwaka 2001 watafiti wa saikolojia Butterfield na Metcalfe walionyesha kwamba kosa alilolifanya mtu kwa uhakika mkubwa, akishaonyeshwa jibu sahihi, husahihishika kwa urahisi zaidi kuliko kosa alilolifanya akisitasita. Maelezo mojawapo ni kwamba mshangao huvuta makini. Ila sharti lake ni kwamba jibu sahihi litolewe. Jaribio linalorudisha asilimia tu, bila masahihisho, linamtia mtu aibu na kumwacha na kanuni yake ile ile.

Upande wa pili una hoja ambazo mimi nazichukulia kwa uzito zaidi ya zinavyochukuliwa kwa kawaida. Ya kwanza ni ugumu wa maswali. Utafiti wa miaka mingi umeona kwamba watu hujiamini kupita kiasi kwenye maswali magumu, na hujiamini pungufu kwenye mepesi, kwa sababu makadirio yao hayashuki na kupanda kwa kasi ya ugumu wenyewe. Maana yake mwalimu akitunga maswali makali ya umeme na mepesi ya mwanga, jedwali kama lile la juu linaweza kutokea hata kwa mwanafunzi asiye na dhana potofu yoyote. Mada "yenye majivuno" huenda ni mada iliyotungiwa maswali magumu tu. Njia ya kutambua ni kutazama makosa yenyewe: yakielekea upande mmoja, kuna imani nyuma yake, yakitawanyika ovyo, shuku maswali kwanza.

Ya pili ni uchache wa maswali. Kama uhakika wa asilimia 85 ungekuwa wa kweli, kupata 5 au pungufu kati ya 10 kungetokea mara 1 hivi katika 100, kwa hiyo umeme una kesi ya kujibu. Lakini angepata 7, hilo au pungufu yake lingetokea kwa bahati karibu mara 18 katika 100, na hapo huna la kumwambia. Hata lile la mwanga, 55 dhidi ya 8, lingetokea mara 10 hivi katika 100. Wengi hupaka rangi nyekundu kila mada yenye pengo, kumbe sehemu ya nyekundu hiyo huenda ni bahati tu. Tena hesabu hii inachukulia kila swali linasimama peke yake. Maswali manne yanayonaswa na imani moja ni kama swali moja lililoulizwa mara nne.

Halafu kuna suala la kutoa alama. Ukisema uhakika utahesabiwa, watu hucheza na makadirio yao ili wapate alama. Tony Gardner-Medwin wa chuo kikuu cha UCL, London, alilishughulikia hili kwa mfumo wa ngazi tatu za uhakika: jibu sahihi hupata 1, 2 au 3 kulingana na ngazi uliyochagua, na jibu baya hupata 0, hasi 2 au hasi 6. Piga hesabu utaona ngazi ya tatu inalipa pale tu uhakika wako unapozidi asilimia 80, na ya pili kati ya 67 na 80. Kusema ukweli ndiko kunakoleta alama nyingi. Ni ubunifu mzuri, lakini kule mwanafunzi hukadiria jibu ambalo ameshalichagua. Hapa tunazungumzia kukadiria kabla.

Na hapo ndipo ubishi wenyewe ulipo. Anayekadiria kabla ya kujibu hajajaribu kukokotoa. Anapima jinsi swali linavyofahamika machoni: ameona "balbu mbili", ameona "mfululizo", mchoro anaukumbuka, basi 90. Wapinzani wanasema hicho si kipimo cha maarifa, ni kipimo cha mazoea, na kwamba ukitaka usahihi uulize baada ya jibu. Ni kweli, makadirio ya baada mara nyingi huwa sahihi zaidi. Lakini mwanafunzi anapopekua daftari na kuamua "hii naijua, tuendelee", hajibu swali lolote. Anafuata hisia hiyo hiyo ya mazoea. Kama tunataka kujua ni mada gani ataiacha kimakosa, basi hisia hiyo ndiyo ya kupima, pamoja na ubovu wake wote.

Kwa hiyo ningelitumia, ila nisingeliingiza kwenye alama za mwisho hata kidogo, na nisingemsifu mtu kwa pengo dogo. Anayeandika 50 kila swali na kupata nusu amelingana na uhakika wake kikamilifu, na hatujajifunza kitu: hatofautishi analolijua na asilolijua. Kwa mwanafunzi wetu ningeongeza maswali kumi mengine ya umeme, ya ugumu mchanganyiko, baadhi yakihusu balbu za sambamba ambako ile imani ya mkondo kupungua haimnasi. Akijipa tena 85 na kuanguka kwenye yale ya mfululizo peke yake, tatizo halitakuwa "umeme". Litakuwa sentensi moja anayoiamini, na meza yenye betri, balbu mbili na ameta inatosha.