Fizi ikikatwa bila kuangalia mfupa, hurudi

“Nikicheka, fizi za juu zinaonekana kuliko meno. Nimejizoeza mbele ya kioo kucheka huku nimebana mdomo, lakini mtu akinitania tu nasahau. Kliniki moja wameniambia leza, dakika 20, naenda nyumbani. Nyingine wanataka kufungua fizi na kuchonga mfupa. Hao wa pili si wanatafuta hela tu?”

Inawezekana. Lakini kabla hujawahukumu, waulize wote wawili swali moja: mfupa wangu uko wapi? Asiyeweza kulijibu bado hajakupima. Katika mabishano haya, daktari anayetaja mfupa ndiye husingiziwa tamaa. Ajabu ni kwamba mara nyingi ndiye pekee aliyepima kitakachoamua kama fizi uliyolipia kukatwa itabaki ilipokatwa.

Anza na jino lenyewe. Chukua rula, simama mbele ya kioo, pima moja ya meno mawili ya katikati juu, kutoka kwenye fizi hadi kwenye ncha. Kwa mtu mzima jino hilo huwa na urefu wa milimita 10 hadi 11, na upana wake ni kama robo tatu ya urefu huo au zaidi kidogo. Lako likiwa na milimita 7 au 8, na limekaa kimraba kama la mtoto, kuna mawili. Ama ncha imelika kwa kusaga meno, ama sehemu ya jino imefichwa na fizi. Aliyesaga meno huonyesha ncha bapa, wakati mwingine na rangi ya njano katikati pale enameli, gamba gumu la nje la jino, ilipokwisha. Ncha ikiwa nzima, shuku fizi.

Jino linapoota, fizi huendelea kupanda polepole kwa miaka, hadi itulie karibu na mpaka ambapo enameli inakutana na mzizi. Kwa baadhi ya watu hukwama njiani. Jino lipo zima, ila limevishwa shati lenye mikono mirefu mno. Hapo hakuna namna ya kucheka itakayosaidia, kwa sababu mdomo unafanya kazi yake sawasawa. Kilichozidi ni nyama juu ya enameli.

Basi si ikatwe tu? Hapa ndipo leza inapopata umaarufu wake, na ndipo lilipo jambo ambalo picha za kabla na baada hazilionyeshi. Fizi haikai juu ya mfupa kama kitambaa juu ya meza. Kati ya ukingo wa fizi na mfupa kuna mfereji mdogo wa takriban milimita 1, kisha utepe wa tishu iliyoshikamana na jino, wa takriban milimita 2. Vipimo vya utepe huo vilichapishwa na Gargiulo na wenzake mwaka 1961, na ingawa hutofautiana kati ya mtu na mtu, wazo halijaporomoka: mwili unataka nafasi ya karibu milimita 3 juu ya mfupa, na ukinyang'anywa utaidai. Huidai kwa njia mbili. Fizi hukua tena hadi ipate nafasi yake, au hubaki nyekundu, imevimba, ikitoka damu kila unapopiga mswaki.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 26, fizi zenye afya, hatumii dawa yoyote. Akicheka, milimita 5 za fizi huonekana juu ya meno ya katikati. Meno hayo yanaonekana kwa urefu wa milimita 7.5, na upana ni 8. Daktari anamtia ganzi, kisha anapitisha chini ya fizi kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Ncha inateleza juu ya enameli, halafu inagusa mwinuko mdogo, milimita 3 ndani: huo ndio mpaka wa enameli na mzizi. Jino lake halisi, kwa hiyo, lina urefu wa 10.5. Kisha anasukuma kijiti kupenya tishu hadi kigonge kitu kigumu. Milimita 4. Mfupa uko milimita 1 tu kutoka kwenye mpaka.

Hesabu iliyobaki ni ya darasani. Daktari anataka kukata milimita 2.5 ili abakize nusu milimita ya fizi kufunika mpaka, mzizi usiwe wazi. Jino litakuwa na urefu wa 10, umbo zuri kwa upana wa 8, na fizi inayoonekana akicheka itashuka kutoka 5 hadi 2.5. Lakini ukingo mpya utakuwa milimita 1.5 tu kutoka kwenye mfupa. Mwili unataka 3. Ukikata kwa leza ukamwachia hapo, siku hiyo atatoka anang'aa na picha itapigwa. Miezi michache baadaye fizi itakuwa imeteremka karibu milimita 1.5, jino limebaki na urefu wa 8.5, na akicheka fizi inaonekana kama milimita 4. Alilipa apunguziwe nusu, amepunguziwa moja ya tano. Na daktari wa leza, akipigiwa simu, atasema kwamba fizi zake “zinakua haraka.” Fizi hazina kosa. Zilirudi kwenye anwani yao.

Anayefungua fizi hufanya kazi tofauti. Hukata kwanza ukingo mpya, akiziacha ncha za fizi zilizo kati ya meno, kisha huiinua fizi iliyobaki kama ukurasa, na kwa kichongeo kidogo kinachomwagiliwa maji hupunguza mfupa upande wa mbele hadi uwe milimita 3 kutoka kwenye ukingo. Kwa mgonjwa wetu ni milimita 1.5 za mfupa, karibu unene wa sarafu. Hiyo ndiyo “kuchonga mfupa” inayotisha watu. Fizi hurudishwa na kushonwa, nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili, na kwa muda huo hapigi mswaki hapo bali husukutua dawa ya kloheksidini, ambayo ikitumiwa wiki kadhaa huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Madoa hayo huondolewa kliniki, lakini ni vizuri uambiwe mapema, maana kuna wanaodhani meno yameoza.

Leza nayo isionewe. Kuna watu ambao kijiti kinapogonga mfupa, unakutwa tayari umekaa milimita 2 au zaidi kutoka kwenye mpaka wa enameli. Kwa hao nafasi ipo, kinachozidi ni fizi tu, na kuwafungulia mfupa ni kuwaumiza bure. Leza hupunguza damu na kwa kawaida haihitaji nyuzi. Wembe pia unafaa. Chombo si hoja. Sharti lingine ni fizi ngumu ya waridi, ile isiyotikisika, ibaki ya kutosha baada ya kukata. Ikiwa ni haba, haikatwi, huinuliwa na kushonwa juu zaidi. Kwa hiyo yule wa dakika 20 anaweza kuwa sahihi kabisa, mradi amepima. Asiyepima anacheza bahati nasibu kwa kinywa chako.

Tena leza ina faida moja ambayo upande wangu hauna: kosa lake kwa kawaida husameheka. Fizi iliyorudi inaweza kukatwa tena. Mfupa uliochongwa haurudi. Ukichongwa kupita kiasi, mzizi hubaki wazi na maji baridi huwa adhabu. Ncha za fizi kati ya meno zikichezewa, hubaki mapengo madogo meusi ya pembetatu ambayo hakuna mswaki utakaoyajaza. Ndiyo maana daktari makini hukataa kumfanyia kijana wa miaka 15 ambaye fizi zake bado zinapanda zenyewe, na humtaka mvutaji sigara aache kwanza. Fizi iliyovimba kwa uchafu husafishwa na kusubiriwa, kwani mara nyingine tatizo huishia hapo. Na ukimeza fenitoini ya kifafa, siklosporini, au dawa za presha za jamii ya nifedipini, sema kabla hujakaa kwenye kiti. Dawa hizo zinaweza kunenepesha fizi, na ukikata bila kushauriana na aliyekuandikia dawa utakata tena na tena. Usiiache dawa kwa uamuzi wako.

Yote haya ni kwa jino lililofichwa. Kama rula ilikupa 10 au 11, funga ukurasa wa kukata. Jino ambalo tayari ni refu likiongezwa urefu huonekana kama la farasi, na mzizi wake utakuwa nje. Chanzo chako kiko juu zaidi. Angalia mdomo: kutoka kutulia hadi kucheka kabisa, mdomo wa juu hupanda kwa kawaida milimita 6 hadi 8. Ukipanda 10 na zaidi, misuli ndiyo inayovuta mno. Sindano ya botoksi kidogo pembeni mwa pua huilegeza, kisha athari huisha baada ya miezi 3 hadi 6, na ikikosewa kipimo cheko hupinda upande. Upasuaji wa kuushona mdomo chini kidogo kwa ndani upo pia, lakini baadhi ya midomo hupanda tena baada ya muda.

Kama mdomo unapanda kawaida na meno ni marefu kawaida, lakini hata ukitulia meno yanaonekana sana na uso wa chini ni mrefu, basi taya la juu lenyewe limekua kuelekea chini. Zidio likiwa dogo, waya pamoja na skrubu ndogo zinazofungwa kwenye mfupa zinaweza kuyasukuma meno juu, na fizi hufuata. Likiwa kubwa, dawa ni kulikata taya na kulipandisha, chini ya nusukaputi, kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa taya. Hapo ndipo hata mimi huwa upande wa wanaosema subiri. Mdomo wa juu hushuka kidogo kidogo kadiri mtu anavyozeeka, na fizi zinazoonekana hupungua bila kisu.

Rudi kliniki zote mbili ukaombe wakutie ganzi wapime, na wakuandikie namba mbili: kutoka ukingo wa fizi hadi mpaka wa enameli, na kutoka ukingo hadi mfupa. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Ukipata 2 au zaidi, wa leza ana hoja. Ukipata 1, wa mfupa hakuwa anakuibia. Vyovyote utakavyochagua, kama umeahidiwa pia kuvishwa meno ya kauri juu yake, yasitengenezwe kabla ya miezi 3, na 6 ni salama zaidi pale mfupa ulipoguswa, kwa sababu ukingo wa fizi bado unatafuta pa kukaa.