Hela za Shangazi Ziko Baharini

Juzi kuna sauti ilizunguka kwenye magrupu ya hapa Tanga, mtu akisema kwa uhakika kwamba benki fulani imeishiwa. Kumbe mashine ya kutolea fedha ilikosa mtandao tangu asubuhi. Saa nane mchana foleni ilishafika barabarani, na shangazi yangu anayeuza vitenge Ngamiani alikuwemo. Aliyerekodi ile sauti alinikera sana.

"Mwanangu, mimi nataka hela zangu tu. Si nimewawekea?"

Shida ni kwamba hazijawekwa kwenye kasha. Chukulia benki ndogo yenye amana za shilingi bilioni 10. Bilioni 7 wamekopa watu: mwenye boti ya uvuvi, mwenye lori, mwalimu anayejenga, na watalipa kidogo kidogo kwa miaka. Nyingi ya zilizobaki ziko kwenye hati fungani za serikali, na sehemu iko Benki Kuu kwa lazima ya sheria. Noti zilizoko matawini hazifiki hata bilioni moja. Siku za kawaida zinatosha, kwa sababu huyu anatoa na yule anaweka.

Sasa watu watake bilioni 2 kwa siku mbili. Boti iko baharini, mkopo wake hauitishwi jioni hii. Benki inauza hati fungani harakaharaka, mnunuzi anajua ina shida, bei inashuka, na hasara inakula mtaji. Benki iliyoamka nzima Jumatatu, Jumatano ni mgonjwa kweli. Uvumi wa uongo umejitengenezea ukweli wake! Na kwa kuwa wa mbele analipwa zote na wa nyuma anakuta dirisha limefungwa, hata anayejua ni uongo ana sababu ya kukimbia. Ndiyo maana simlaumu shangazi.

Mnaikumbuka Chase Bank ya Kenya, Aprili 2016. Maneno ya mitandaoni yaliwatoa watu mbio, na tarehe 7 ikawekwa chini ya uangalizi. Haya, nakubali, hesabu zake zilikuwa na matatizo, wakurugenzi wawili walikuwa wamekaa pembeni. Lakini kilichoifunga wiki ile ni kukosa fedha taslimu za kuwapa waliokuja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba shangazi ana milioni 4 tu. Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mteja hadi milioni 7.5 katika benki moja. Hata ingefungwa, angelipwa zote, ingawa angesubiri. Miaka yote hiyo hakuna karani aliyemwambia.

Nilimweleza mimi jioni, tukiwa barazani. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na baba yako? Zile milioni 11 za kiwanja cha Pongwe si ziko hukohuko?"

Nikamwambia ukweli. Milioni 3.5 za juu zingesubiri mfilisi auze mali za benki na kukusanya mikopo, na huenda zisirudi zote. Kesho yake mzee alifungua akaunti benki ya pili.