Simu ya Likoni inayozungukia Marseille

"Nimewasha ile ya kuficha IP kwenye simu za WhatsApp, kwa sababu wateja wengi wanaonipigia siwajui. Sasa dada yangu wa Likoni analalamika kuwa tunaongea kwa kugongana. Niizime ama nivumilie?" Muuza madera, Kibokoni.

Dada yako hakusingizii. Simu ya watu wawili kwenye WhatsApp, ikiachwa ilivyo, hutafuta njia ya moja kwa moja kati ya simu yako na yake, na njia hiyo haipatikani mpaka kila upande uijue anwani ya IP ya mwenzake, ile namba inayoitambulisha simu kwenye intaneti. Swichi uliyowasha, `Protect IP address in calls`, iliyotoka Novemba 2023, inaifunga njia hiyo. Sauti yako inakwenda kwanza kwenye seva ya WhatsApp, kisha seva ndiyo inayomfikishia. Seva haisikii mnachosema, maana sauti inafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye yake. Simu za kikundi, kwa taarifa yako, hupita kwenye seva hata kama hukuwasha kitu.

Kinachobadilika ni urefu wa safari, na hapa ndipo penye hesabu. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Wewe uko Kibokoni, dada yuko Likoni, ng'ambo ya feri. Tuseme nyote mko kwenye data ya simu na mitambo ya kampuni iko Nairobi. Sauti inapanda bara na kurudi pwani, kama kilomita 1,000, nayo ni milisekunde tano tu. Ongeza muda wa mawimbi ya simu pande zote mbili, muda wa kukata sauti vipande vya milisekunde 20, na akiba ndogo ambayo simu ya mpokeaji huiweka ili vipande vilivyochelewa vipate kuungana na wenzake. Kwa makadirio yangu hapo mko kwenye 120 au 140. Mwongozo wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, uitwao G.114 unataka sauti ichelewe si zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri, na 400 ndiyo mpaka wa mwisho. Kwa hiyo hata bila swichi mlikuwa karibu na ukingo.

Sasa weka seva katikati. Ikiwa ni ya Nairobi au ya hapa hapa Mombasa, dada hatagundua lolote. Lakini ikiwa iko Marseille, ambako nyaya nyingi zinazopita Bahari ya Shamu huibukia, sauti inatoka Mombasa, inazunguka Pembe ya Afrika, inapita Misri na kuvuka Mediterania, kama kilomita 8,000, halafu inarudi zote hizo ili ifike Likoni. Hiyo ni milisekunde 80 za ziada hata kama hakuna foleni yoyote njiani, na jumla inapanda kufikia 200 na zaidi. Kwa ucheleweshaji huo sauti haikatiki. Kinachotokea ni kwamba unamaliza sentensi, unasikia kimya, unadhani mwenzako hana la kusema, unaanza nyingine, na hapo hapo jibu lake la kwanza linaingia. Ndiko huko kugongana.

Sauti inayokatika au kugeuka ya roboti ni ugonjwa mwingine. Hiyo ni pakiti, vile vipande vya sauti, zinazopotea, na mara nyingi zinapotelea karibu nawe: waifai inayojaribu kupenya kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale, au mnara uliolemewa na watu saa za jioni. Nimeona watu wakiizima swichi kwa ajili ya tatizo hilo, na tatizo likabaki pale pale.

Kabla ya kuamua, pimeni. Mpigie dada, mhesabu kwa kupokezana, wewe moja, yeye mbili, mpaka ishirini, haraka kadiri mwezavyo, na mtu ashike saa. Kata simu, izime swichi, mpige tena na mhesabu upya. Rudieni mara tatu, maana mikono ya mshika saa nayo huchelewa. Kila mpokezano hubeba ule ucheleweshaji, kwa hiyo milisekunde 80 mara ishirini ni zaidi ya sekunde moja na nusu, tofauti inayoonekana hata kwenye saa ya simu. Msipoona tofauti, ama seva iko karibu, ama simu zenu zilikuwa zikipita kwenye seva tangu awali. Hilo ni la kawaida: kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na milango yao mara nyingi haikubali simu mbili zikutane moja kwa moja, basi programu inakimbilia seva bila kuulizwa.

Anwani hiyo ya pamoja ndiyo inayonifanya nisiiogope sana hatari yako. Mteja mwenye nia mbaya akinasa IP yako ukiwa kwenye data ya simu, anapata jina la kampuni na anwani mnayotumia watu wengi kwa pamoja. Ramani za IP zinaweza hata kumwambia uko Nairobi. Nyumba yako haioni. Anayeweza kujua ni nani alikuwa na anwani ile saa ile ni kampuni yenyewe.

Kwenye faiba ya nyumbani mambo hubadilika kidogo, kwa kuwa anwani inaweza kukaa na wewe siku nyingi, na mtu mwenye chuki akaifurikisha pakiti mpaka intaneti ikafa. Ofisini ni zaidi: shirika lenye anwani zake lenyewe huandikishwa AFRINIC, sajili ya anwani za IP za Afrika, kwa jina lake, kwa hiyo simu moja kutoka kwa waifai ya kazini inaweza kutaja mwajiri wako. Mwanamke aliyemkimbia mume mkorofi, au mwandishi anayezungumza na mtoa habari, kwangu hana la kupima: awashe, avumilie kugongana. Hata hivyo ajue kwamba anajificha kwa anayempigia tu. Kampuni ya WhatsApp inaiona anwani yake swichi ikiwa imewashwa au imezimwa.

Lawama yangu iko kwa umbo la swichi yenyewe. Ni moja kwa watu wote, dada na mgeni sawasawa. Signal hupitisha kwenye seva simu za watu wasio kwenye orodha yako ya majina, na wengine wakaenda moja kwa moja, mpaka wewe uwashe `Always relay calls`. Telegram inakuuliza uruhusu njia ya moja kwa moja kwa kila mtu, kwa walio kwenye majina yako tu, au usimruhusu yeyote hata mmoja. WhatsApp haina kipimo hicho cha kati, basi itabidi ukitengeneze mwenyewe: izime ile ya IP, uwashe `Silence unknown callers`, ili simu ya usiyemjua isilie na wewe usiipokee. Utaiona kwenye orodha ya simu, umjibu kwa maandishi. Utapoteza mteja mmoja mmoja asiyependa kuandika, hilo sikufichi.

Ukiamua kuiacha imewashwa, kumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja baharini. Siku kama hiyo, simu ya Kibokoni kwenda Likoni inayotegemea seva ya Ulaya hugombania njia chache zilizobaki na nusu ya Afrika Mashariki. Siku hiyo izime kwa muda, ongea na dada, kisha uirudishe.