Manjano kwenye karatasi nyeupe haisomekake: maoni yangu juu ya afishi za klasi

Bamwalimu wenzangu ba Goma, leo nataka tuongee juu ya ile afishi ya volkano yenye iko mu klasi mingi za hapa kwetu, ile ya rangi ine. Kila mutu anaijua: kijani ni hali ya kawaida, manjano ni kuwa macho, oranji ni kujitayarisha, nyekundu ni hatari iko karibu ao imeshafika. Toka Nyiragongo ilipuke tena tarehe 22 Mei 2021 hakuna mwenye anacheka na hizo rangi, na ni muzuri vile. Lakini afishi zenyewe, zile tunachoraka na mikono yetu, nyingi zao mutoto mwenye anaikala ku benchi ya mwisho hawezi kuzisoma, na sababu haiko macho yake.

Mwalimu anakamata karatasi kubwa nyeupe na markeri ine, kisha anaandika «KIJANI» na kijani, «MANJANO» na manjano, «ORANJI» na oranji, «NYEKUNDU» na nyekundu, pamoja na maelezo yote ya chini yake. Ukiwa karibu unaona inapendeza sana. Enda ku nyuma ya klasi sasa. Nyekundu inasomeka, kijani inasomeka kama markeri haijachoka, oranji inaanza kupotea, na fasi ya manjano unaona karatasi tupu! Na ile ya manjano njo inaambia mutoto aanze kuwa macho, sasa ataanza je na kitu hakioni.

Shida ni kwamba tunafikiri rangi mbili zikiwa tofauti basi zitasomeka. Hapana. Kwa kusoma herufi, jicho inatafuta kwanza fasi yenye kuwa na mwangaza na fasi yenye kuwa na giza, jina ya rangi inakuya nyuma. Manjano na nyeupe ni rangi mbili, kweli, lakini zote mbili zinarudisha mwangaza karibu sawasawa, njo maana moja inamezwa na ingine. Batu benye kutengeneza kurasa za interneti bako na kipimo ya hiyo mambo mu kanuni zao zenye kuitwa WCAG, inaanza ku 1 (hakuna tofauti hata kidogo) mpaka 21 (nyeusi juu ya nyeupe). Kwa maandishi ya kawaida banaomba angalau 4.5, kwa herufi kubwa 3. Manjano safi juu ya nyeupe inapata 1.07 tu. Oranji iko karibu na 2, nyekundu safi inafika 4. Ni hesabu ya rangi za ekrani, markeri yako ya soko haitafwata sawasawa, lakini mupango unabakia ule ule, na ndiyo ule ule macho yako inakuambia ukiwa ku nyuma.

Tena kuko wale benye kuandika nyekundu juu ya kijani, juu eti rangi zote mbili ziko na nguvu. Ile nayo ni mbaya sana. Nyekundu safi juu ya kijani ya majani inapata kama 1.3, maana yake mwangaza wao ni karibu sawasawa, na macho inachoka, herufi zinaonekana kama zinatetemeka. Na mu klasi yenye vijana wengi karibu siku zote kunaweza kuwa na mumoja mwenye hatofautishe nyekundu na kijani, ni kitu mutu anazaliwa nayo na inapata sana vijana wanaume. Yeye ataona afishi yako kama matope tu.

Sasa tutengeneze ile afishi ya volkano. Rangi ine lazima zibakie, juu batoto banazitambua nazo, lakini rangi itoke mu herufi iende chini yake. Unachora mikanda mine mipana, unaijaza rangi kabisa, kisha unaandika juu yake. Ku manjano unaandika na nyeusi, na hapo ile 1.07 inaruka mpaka karibu 20, ni kitu moja ya kusomeka kushinda zote. Ku oranji pia nyeusi. Ku kijani inategemea: kama ni ile nzito ya majani, nyeupe inashinda nyeusi kidogo, kama ni ile changa ya kung'aa, nyeusi. Kama hauko na rangi nyeupe ya kuandikia, unaacha herufi tupu wakati unajaza mukanda, karatasi yenyewe njo inakuwa nyeupe yako. Ni kazi ya kuchosha, najua.

Ku nyekundu njo tunabishanaka. Ukifanya hesabu ya ekrani, nyeusi juu ya nyekundu safi (5.25) inapita nyeupe (4). Mimi nitaandika tu na nyeupe. Angalia klasi zetu: mbao, mabati juu, dirisha moja ao mbili, umeme unakuja ukipenda, na mvua ikitaka kunyesha asubuhi inakuwa giza kabisa. Mwangaza ikipunguka sana, jicho ya mutu inapoteza nyekundu mbele ya rangi zingine, inaiona inazidi kuwa nyeusi nyeusi. Purkyně, mutaalamu mumoja wa Bohemia, alishaandika hiyo mu karne ya 19. Basi saa ile giza inaingia, herufi nyeusi juu ya nyekundu zinazama, nyeupe zinabakia. Tena nyekundu ya markeri za hapa iko nzito kuliko ile ya ekrani, ile 5.25 hautaipata.

Kupima haiombe pesa. Bandika afishi fasi yake, enda ku benchi ya mwisho, piga picha na simu bila flashi kisha ugeuze picha ikuwe nyeusi na nyeupe, simu karibu zote ziko na hiyo. Kama herufi na rangi ya chini zimekuwa kijivu kimoja, rudia mukanda huo. Usipige ukiwa karibu juu ya kupendeza, simu inajua kusaidia rangi kuliko macho ya mutoto. Na fanya hiyo saa ya mawingu, jua ya saa sita inadanganya.

Ukubwa nayo, haraka tu: batu wengi banatumia kama sentimeta 2 na nusu ya urefu wa herufi kwa kila metre 3, kwa hiyo klasi ya metre 8 inaomba karibu sentimeta 7. Hiyo ni kwa maneno ya maana, maelezo ya chini mutoto atakuya kuyasoma karibu.

Direkteri mumoja alinikatalia mukanda wa nyeusi juu ya manjano, eti iko kama kibao cha barabara, yeye anataka picha ya Nyiragongo inawaka nyuma ya maneno. Picha ya volkano iko na moshi ya kijivu, moto mwekundu, anga nyeusi, yote mu karatasi moja, herufi ya rangi gani itasomeka pale? Nyeupe itapotea ku moshi, nyeusi itapotea ku usiku. Nilimuomba picha iende ku upande wa kushoto, maneno yabakie ku mikanda yao upande wa kuume, na kama anapenda sana picha ijaze karatasi yote, basi aweke maneno mu kipande ya karatasi nyeupe yenye kubandikwa juu yake. Alikubali ile ya upande.