Junia aspirini si vitamini ya wenye presha

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya wasapu: kila mwenye presha aliyevuka miaka 40 ameze junia aspirini moja kila usiku, eti "inayeyusha damu nzito", kisha awatumie wengine kumi. Unasambaa kama mwaliko wa harusi. Na ukienda duka la dawa kuuliza, mara nyingi unauziwa karatasi nzima ya vidonge kabla hata hujamaliza swali.

Damu ya mwenye presha si nzito. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa, haihusiani na uzito wa uji. Wala aspirini haizimui damu. Inachofanya ni kuzifunga chembe sahani, zile zinazokimbilia penye jeraha na kushikana ili damu iache kutoka. Chembe ikishafungwa haifunguki tena hadi ife, siku saba hadi kumi baadaye. Kimeng'enya kinachozuiwa hapo ndicho kinachosaidia pia tumbo kutengeneza ute wa kujikinga na asidi yake. Kwa hiyo kidonge kimoja kinachubua tumbo na papo hapo kinazuia damu isigande penye mchubuko. Usijifariji kwamba chako kina ganda linalopita tumboni bila kuyeyuka. Dawa ikishaingia kwenye damu hurudi kwenye ukuta wa tumbo kwa njia ya ndani.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ujumbe wa wasapu hauna hesabu. Jaribio la HOT, lililochapishwa mwaka 1998, lilichukua watu 18,790 wenye presha kutoka nchi 26. Nusu walipewa aspirini ya miligramu 75, nusu kidonge cha bandia kisicho na dawa. Mshtuko wa moyo uliwapata 82 waliomeza aspirini na 127 wasiomeza. Nakubali, tena kwa shingo upande: hiyo ni faida ya kweli, na madaktari wa miaka ile hawakuwa wajinga walipoiandika. Lakini endelea kusoma. Waliovuja damu vibaya bila kufa walikuwa 129 kwa aspirini na 70 bila aspirini. Watu 45 waliepushwa na mshtuko wa moyo, 59 wakaongezeka kwenye orodha ya kuvuja damu. Na kiharusi, ambacho ndicho mtaani wanakiogopa kuliko vyote? 146 kwa 148. Yaani hakuna tofauti.

Kumbuka pia kwamba watu hao walikuwa wanatibiwa presha kwa umakini. Lengo la presha yao ya chini lilikuwa 90 au pungufu ya hapo. Huo mstari ndio unaorukwa. Kiharusi kiko cha aina mbili: mshipa wa ubongo kuziba, na mshipa wa ubongo kupasuka. Presha isiyodhibitiwa ni mpasuaji mkubwa wa mishipa hiyo, na mshipa ukipasuka kwa mtu ambaye chembe sahani zake zimefungwa, damu inaendelea kumwagika ubongoni. Anayetembea na 170 kwa 100 kisha anameza junia "kujikinga na kiharusi" anajiongezea hatari ya aina iliyo mbaya zaidi. Ndiyo maana pia mtu akianguka, mdomo ukapinda, mkono ukalegea, asipewe aspirini nyumbani. Kwa macho huwezi kujua ni kuziba au kupasuka; inayojua ni sitiskani, kipimo cha picha ya ubongo.

Umri nao unageuza mizani. Jaribio la ASPREE la mwaka 2018, kule Australia na Marekani, lilihusisha wazee 19,114 wenye afya, wengi wao miaka 70 na kuendelea, kwa miligramu 100 kwa siku. Waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 3.8 kwa aspirini na 2.8 kwa kidonge cha bandia, na miaka ya kuishi bila ulemavu haikuongezeka. Tangu mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la Marekani linashauri mtu wa miaka 60 na zaidi asianzishiwe aspirini kwa ajili ya kinga tu. Sisi huku ndio kwanza tunawanunulia wazazi wetu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yenye ushahidi bora kwa mtu huyo huyo inaogopwa. Statini, dawa ya kupunguza kolestro! "Si nina kolestro ya kawaida?" Sawa, na walioingia kwenye jaribio la ASCOT hawakuwa na kolestro ya kutisha: wote kiwango cha 6.5 au pungufu ya hapo. Walikuwa 10,305, wote na presha na angalau mambo mengine matatu ya hatari. Atovastatini ya miligramu 10 tu ilipunguza mshtuko wa moyo na vifo vya moyo kwa zaidi ya theluthi, na viharusi kwa zaidi ya robo, hadi jaribio likasimamishwa mapema, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Ni kweli, wengi walikuwa wanaume Wazungu. Bado sijaona hoja ya kwa nini mshipa wa Temeke uwe na tabia tofauti.

Maumivu ya misuli yapo, lakini katika majaribio waliomeza kidonge cha bandia nao wanalalamika karibu kiasi kile kile. La kuogopa ni misuli kuuma sana pamoja na mkojo wa rangi ya kokakola: acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito kwa kawaida haanzishiwi statini.

Mchukue mama wa miaka 66. Ana presha na kisukari, hajawahi kupata kiharusi wala mshtuko wa moyo. Anameza amlodipini 10, junia kila usiku, na diklofenaki ya magoti anayojinunulia. Presha yake ni 164 kwa 92. Diklofenaki inapandisha presha na, ikikutana na aspirini, inazidisha vidonda vya tumbo. Kuvuja huko hakupigi kelele: anachoka, anapauka, anahema akipanda ngazi, anaambiwa ni uzee. Dalili ni kinyesi cheusi, kinachonata kama lami na kunuka vibaya. Vidonge vya madini ya chuma pia hutia weusi, ila havileti unato huo.

Daktari makini ataiondoa diklofenaki, magoti yapewe parasetamoli na mazoezi. Ataongeza dawa ya pili ya presha, atapima wingi wa damu, atasitisha junia, na ataanzisha atovastatini 20. Kama kituo kina simvastatini pekee, isizidi miligramu 20 kwa siku, kwa sababu amlodipini huipandisha kiwango mwilini na misuli ndiyo inayolipa.

Wajawazito wenye presha wanaopewa aspirini kuanzia wiki ya 12 kuzuia kifafa cha mimba wana hesabu yao, waendelee.

Na wewe uliyewahi kupata mshtuko wa moyo, au uliyewekewa stenti, au kiharusi ambacho kipimo kilionyesha ni cha kuziba: haya yote hayakuhusu. Kwako aspirini na statini ni dawa za maisha, ukiwa na historia ya vidonda omba omeprazoli iongezwe, na hata ukienda kung'oa jino usiiache aspirini kabla ya kumuuliza daktari wako wa moyo.