Mwale ukigonga ukingo wa pembetatu: kuongeza epsiloni au kubadili hesabu?

"Wakuu, nimeandika msimbo wa kupima mwale kugonga pembetatu kwa njia ya Möller na Trumbore, picha inatoka na vidoti vyeupe kwenye maungio, halafu vipembetatu vidogo vingine havionekani kabisa. Niongeze epsiloni au niipunguze?"

Hayo ni matatizo mawili tofauti na yote umeyabebesha namba moja, hiyo epsiloni ya kuvumilia makosa madogo, ndo maana ukirekebisha huku kule kunaharibika.

Tuanze na vinavyopotea. Njia hiyo ya 1997 inakokotoa ditaminanti, ikikaribia sifuri mwale unahesabiwa uko sambamba na pembetatu, na wengi pale wanaweka 0.000001. Sasa ditaminanti haipimi pembe peke yake, imebeba na eneo la pembetatu. Chukua A(0,0,0), B(0.0005,0,0) na C(0,0.0005,0), yaani nusu milimita kama unatumia mita, mwale unashuka wima, uelekeo (0,0,-1). Unaigonga usoni kabisa, lakini ditaminanti ni 0.0005 mara 0.0005, yaani 0.00000025, iko chini ya kizingiti, basi msimbo unaitupa eti ni sambamba.

Wanaoitetea epsiloni wana hoja, na ni ya kweli: mwale ukilala karibu na bapa la pembetatu unagawanya kwa kinamba kilichojaa makosa ya kukadiria, u na v za mahali kwenye pembetatu, pamoja na t ya umbali, zinatoka hovyo. Sawa, ila basi pima pembe yenyewe, e1 na e2 ni kingo za kutoka A kwenda B na C, d ni uelekeo wa mwale, det ni ditaminanti:

```c
vec3 n = cross(e1, e2);
if (fabsf(det) <= 1e-6f * length(n) * length(d)) return false;
```

Hii haijali ukubwa wa pembetatu, na iliyobapa hadi kuwa mstari inaikataa pia. Usije ukafuta ukaguzi wote lakini, maana sifuri kwa sifuri inatoa `NaN`, na `u < 0` ikikutana na `NaN` inajibu hapana, kwa hiyo mwale sambamba unaweza kupita kama umegonga.

Vidoti vyeupe ndo kazi yenyewe. Ongeza D(1,1,0) kwenye mraba wenye A(0,0,0), B(1,0,0), C(0,1,0), ukate kwa BC, halafu shusha mwale kutoka (0.5,0.5,1). Kwa ABC unapata u 0.5, v 0.5, t 1, jumla ya u na v ni 1 kamili, yaani uko juu ya ukingo. Ukiandika `u + v < 1` na pembetatu ya pili inaanza hesabu kwenye D, zote mbili zinakataa na una tundu. Ukiandika `<=` zote zinakubali, na kwa picha hiyo haina neno kwa sababu unachukua mgongano wa karibu, ila kama unahesabu migongano kujua nukta iko ndani ya meshi au nje, umepata 2 badala ya 1 na jibu limegeuka.

Namba hizo ni nzuri mno lakini. Kwa namba za kawaida kila pembetatu inaanza hesabu kwenye kona yake, ukingo ule ule unakadiriwa njia mbili, na zote zinaweza kusema 1.0000001, mwale ukapenya katikati. Kulegeza hadi `u >= -eps` pamoja na v, na `u + v` hadi `1 + eps`, kunaziba, na kwa kuchagua kitu kwa mausi inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba u ni sehemu ya pembetatu, kwa hiyo 0.0001 kwenye pembetatu ya mita 100 ni sentimita nzima ya hewa inayogongwa.

Njia ya pili ni ya Woop, Benthin na Wald, 2013. Wanahamisha kona zote ziwe kuanzia chanzo cha mwale, wanazilaza mwale uwe mhimili wa z, halafu kila ukingo unapimwa hivi:

```c
float U = Cx * By - Cy * Bx;
```

Jirani anayetumia ukingo huo kwa mpangilio wa kinyume anapata namba ile ile yenye ishara iliyogeuka, hata makosa ya kukadiria yanalingana, basi hawawezi kukataa wote. Ikitoka sifuri unarudia kwa `double`. Usambamba wanakagua sifuri kamili tu, maana kizingiti chochote kingefungua tundu jipya kwa miale inayolala. Gharama yake ni maandalizi kwa kila mwale, ila unayafanya mara moja tu kabla ya pembetatu zote. Angalia kompaila isiunganishe kuzidisha na kutoa (`-ffp-contract=off`), ikiunganisha ule ulinganifu unavunjika.

Mimi kwa renda yako ningehamia huko bila kusita. Wa kuhesabu ndani na nje bado atahesabu ukingo mara mbili, huyo akipata sifuri atupe mwale apige mwingine kwa uelekeo wa bahati nasibu.

Kuhakiki, weka chanzo ndani ya mchemraba uliofungwa, ukae mahali pasipo na namba nzuri, piga miale milioni ikilenga nukta za kwenye kingo na kona. Hata mmoja ukitoka nje, bado inavuja.