Muulize kwenye kipilefti, usimuulize kama amesoma

Mzazi akimuuliza kijana wake "umesoma?", jibu ni "ndiyo", na mazungumzo yameishia hapo. Kwa mtihani wa nadharia wa udereva swali hilo halina faida yoyote. Kijana anaweza kukariri alama zote za barabarani na bado akakwama anapochorewa magari matatu na kuulizwa nani apite kwanza.

Mimi nakaa na binti yangu wa miaka 18 kwenye daladala, na tukifika kipilefti ya Samaki hapa Mwanza mjini namuuliza swali moja tu. Juzi nilimwambia: "Mama, tuseme wewe ndiye dereva na unakwenda kulia. Unawasha indiketa gani wakati wa kuingia?"

"Kushoto, Baba. Si wote tunaingia kwa kukata kushoto?"

Jibu hilo ni kosa, na wengi hulitoa. Sikumsahihisha. Nilimwonyesha gari lililokuwa linasubiri kwenye barabara ya kwanza kushoto kwetu, nikamuuliza dereva yule ataelewa nini akiona indiketa yetu. Akanyamaza kidogo. "Atadhani tunatokea pale alipo. Ataingia." Kisha akamalizia mwenyewe: sisi tungeendelea kuzunguka, na yule angetuingia ubavuni. Kwa hiyo unaingia na indiketa ya kulia, unawapisha waliomo wanaotokea kulia kwako, na ukishapita njia inayotangulia yako ndipo unawasha ya kushoto. Jioni alifungua kitabu chake akahakikisha. Kanuni aliyoifikia hivyo haimtoki, kwa sababu anajua inamlinda nani.

Kazi ya mzazi, kwa maoni yangu, ni kumweka kijana kwenye nafasi ya dereva mwingine. Kusoma na kutafuta jibu ni kazi yake. Ukimpa jibu, atalibeba hadi swali libadilishwe kidogo, basi.

Kuna jambo la kuangalia sana hapa kwetu. Barabara inafundisha pia mabaya: bodaboda inapita kushoto kwa gari linalokata kushoto, daladala inashusha abiria juu ya zebra. Kijana aliyezoea kuyaona anaweza kuyajibu kwenye mtihani kana kwamba ndiyo utaratibu. Akiona kitu kama hicho, mwache akutajie kanuni iliyovunjwa na nani angeumia. Swali moja kwa safari linatosha. Akisema amechoka, ongeeni habari nyingine.

Ukitaka kujua kama ameelewa, geuza swali. Kipilefti ni ileile, lakini sasa anaingilia barabara nyingine na anakwenda moja kwa moja. Akijibu huku akifuatisha njia kwa kidole hewani, anaielewa. Akianza kukumbuka mchoro wa kitabuni, alikariri picha, na ukurasa huo anahitaji kuurudia mwenyewe.